Kona ya Kabati Huanzia kwenye Uso Mmoja

Pitisha kidole gumba kwenye kona ya juu ya kabati la plaiwudi, pale kifuniko kinapokutana na ubavu. Kidole kikipita bila kukwama popote, fundi wa kabati hilo alijua anaanzia wapi kupima. Kikigonga kangazi, hata kama ni nyembamba kama ukucha, hapo kuna kosa lililotokea mapema kabisa, kabla gundi haijafunguliwa. Mimi kangazi hiyo niliikuta kwenye kabati la faili nililomtengenezea mama mmoja mtumishi wa Ilazo, na ndiyo iliyonifundisha kuitumia mashine ya biskuti inavyotakiwa.

Nilipojifunza useremala, hapa hapa Dodoma, tulifanya kazi za mninga na mkongo. Ubao mmoja ukizidi mwenzake kwa milimita moja, unachukua randa, unapitisha mara tatu, mambo yamekwisha. Plaiwudi haikupi nafasi hiyo. Uso wake ni vinia, ganda jembamba la mti, na kwenye plaiwudi nyingi tunazouziwa vinia ya juu haifiki hata milimita moja. Kwenye kabati la Ilazo kifuniko kilizidi ubavu wa kushoto kwa karibu milimita moja. Nikachukua msasa nikaanza kulainisha. Ndani ya dakika chache likatokea doa jeusi jeusi, tabaka la pili lenye nyuzi zinazokwenda upande mwingine. Doa la namna hiyo halifichwi na vanishi, linazidi kuonekana. Nililipa plaiwudi nyingine kwa fedha yangu na kuanza upya.

Sasa nieleze mashine yenyewe kwa ambaye hajaishika. Inafanana na grinda ndogo iliyolala kwenye sanduku. Ndani kuna diski ya msumeno yenye kipenyo cha takriban milimita 100, inayokata upana wa milimita 4. Ukiiegemeza pua ya mashine kwenye ubao na kusukuma, diski inachomoza, inachimba tundu lenye umbo la nusu mwezi, kisha springi inairudisha ndani. Unachimba tundu kama hilo kwenye ubao wa pili, unatia gundi, unachomeka kipande chembamba cha mti chenye umbo la yai katikati ya mbao mbili. Kipande hicho ndicho biskuti. Mfumo huu ulibuniwa miaka ya 1950 na Hermann Steiner, seremala wa Liestal huko Uswisi, aliyekuwa akitafuta namna ya kuunga chipubodi, mbao ya chembe zilizogandishwa kwa gundi, ambayo ulimi na tundu vya kawaida huimomonyoa.

Biskuti za kawaida zipo za saizi tatu. Namba 0 ina urefu wa milimita 47 na upana wa 15, namba 10 ni 53 kwa 19, na namba 20 ni 56 kwa 23. Zote zina unene wa karibu milimita 4. Kwa plaiwudi ya milimita 18 mimi hutumia namba 20, ambayo huingia kina cha milimita 12 na kidogo kila upande. Hutengenezwa kwa mti mgumu uliokandamizwa kwa nguvu, na nyuzi zake hukatwa mshazari ili biskuti isipasuke kwa urefu. Kwa sababu imekandamizwa, ikikutana na maji ya gundi nyeupe inafura na kubana kuta za tundu. Gundi isiyo na maji, kama ile ya viatu, haiifurishi, kwa hiyo nusu ya kazi yake inapotea.

Kuna jambo moja kuhusu tundu hili ambalo mwenye mashine mpya huchelewa kuligundua. Kwa urefu, tundu ni refu kuliko biskuti, kwa hiyo mbao zinaweza kusogea milimita kadhaa kulia au kushoto kabla gundi haijashika. Ndiyo maana alama za penseli hazihitaji usahihi wa kutisha. Kwa unene, hakuna nafasi kabisa. Tundu ni milimita 4 na biskuti ni milimita 4. Mahali diski ilipopita ndipo mbao zitakapokutana, na huwezi kuzibembeleza. Kwa hiyo swali zito ni hili: diski ilikuwa umbali gani kutoka uso upi?

Hapo ndipo nilipokosea. Mashine ina fensi, kile kibamba kinachoshuka mbele na kukaa juu ya ubao, na unaweza kukipandisha au kukishusha ili kuamua diski ipite umbali gani chini yake. Plaiwudi iliandikwa milimita 18, nikaweka fensi kwenye 9, nikiamini diski itapita katikati. Ukifanya hivyo, akili inakuambia kuwa uso wowote ni sawa, kwa sababu katikati ni katikati. Kwenye mbavu nikaegemeza fensi uso wa ndani, kwa kuwa ndio uliokuwa umetazama juu mezani. Kwenye kifuniko nikaiegemeza kwenye kichwa cha ubao, milimita 9 kutoka mwisho.

Baada ya kuharibika nilichukua kalipa nikapima kile nilichopaswa kupima mwanzo. Ubavu wa kushoto ulikuwa na unene wa milimita 17.2. Wa kulia, uliotoka shiti nyingine, 17.6. Hakuna uliokuwa 18. Sasa hesabu inajieleza. Tundu la ubavu wa kushoto lilikuwa milimita 9 kutoka uso wa ndani, maana yake 8.2 kutoka uso wa nje. Tundu la kifuniko lilikuwa 9 kutoka mwisho wake. Biskuti ilipoyakutanisha matundu hayo, kifuniko kikatokeza kwa tofauti yake, milimita 0.8. Upande wa kulia kikatokeza kwa 0.4. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia.

Dawa yake ni kuacha kuitafuta katikati. Chagua uso mmoja ambao lazima ulingane na mwenzake, na mikato yote miwili ianzie hapo. Kwenye kona ya kabati uso huo ni wa nje. Fensi ikikaa uso wa nje wa ubavu kwa milimita 9, na kwenye kifuniko ikikaa kichwani kwa milimita 9 hizo hizo bila kuguswa, basi uso wa nje wa ubavu na mwisho wa kifuniko vitakuwa mstari mmoja. Plaiwudi iwe 17.2, iwe 17.6, iwe 18 kamili, tofauti yote inakwenda ndani ya kabati, mahali ambapo kidole hakipiti na jicho halichunguzi. Siku hizi naandika herufi N kwa penseli kwenye kila uso wa nje mara tu baada ya kukata shiti, na kijana ninayefanya naye kazi anajua kuwa fensi haigusi ubao mpaka ameiona N.

Kabati la pili la yule mama nililifanya hivyo. Vipimo vilikuwa vile vile: urefu wa milimita 2000, upana 800, kina 300, kifuniko kikilala juu ya mbavu. Kwenye kila kona niliweka biskuti 3, alama zikiwa milimita 60, 150 na 240 kutoka ukingo wa mbele. Usisogee karibu na ukingo kuliko milimita 50 hivi, kwa sababu tundu lenyewe ni refu na linaweza kutokeza nje. Alama nazipima zote kutoka mbele, kamwe si nusu kutoka mbele na nusu kutoka nyuma, maana kina cha mbao kikitofautiana kidogo alama za nyuma zinapotea.

Ubavu unaulaza mezani N ikiwa juu, fensi inakaa juu yake, mashine imelala, unachimba kichwani. Kifuniko unakilaza N ikiwa chini, uso wa ndani ukitazama juu. Mashine sasa inasimama wima, pua ikiwa imekandamizwa kwenye uso wa ubao na fensi ikishuka kukumbatia kichwa cha ubao. Mkao huu ndio mgumu, kwa sababu mashine inataka kuinamia nyuma. Mkono mmoja ukandamize fensi kwenye ubao, mwingine usukume taratibu. Ukisukuma kwa pupa, diski inapouma inaivuta mashine pembeni na tundu linatoka pana. Utalitambua mara moja: biskuti ikichomekwa kavu inacheza juu na chini. Tundu la namna hiyo halifai. Lijaze kwa biskuti na gundi, ngoja likauke, likate sawasawa na ubao, kisha chimba upya.

Kuna mafundi wasiotumia fensi kabisa. Wanalaza ubao mezani na mashine mezani, na kitako cha mashine kinakuwa ndicho kipimo. Kwenye mashine yangu diski iko milimita 10 juu ya kitako. Njia hii ni imara kuliko fensi ya bei nafuu ambayo hulegea katikati ya kazi, lakini ina adui wake, nayo ni vumbi. Chembe za mbao zikikaa chini ya ubao au chini ya mashine zinainua upande mmoja, na kosa lile lile la nusu milimita linarudi kwa mlango mwingine. Meza ifagiliwe kabla ya kila mkato. Ukumbuke pia kuwa hapo uso uliolala chini ndio uso wako wa kipimo, si ule unaoutazama. Na usichanganye: ukikata ubavu kwa fensi kwenye 9 na kifuniko kwa kitako kwenye 10, umejitengenezea kangazi ya milimita moja kwa mkono wako.

Kwenye rafu za katikati, kitako ndicho mfalme, na hapa kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Rafu inakutana na ubavu katikati ya uso, hakuna ukingo wa fensi kushika. Piga mstari mmoja kwenye ubavu, mahali uso wa chini wa rafu utakapokaa. Kisha ilaze rafu yenyewe juu ya ubavu, uso wake wa chini ukigusa ubavu, mwili wake ukielekea miguuni mwa kabati, na kichwa chake kikiwa sawasawa kwenye mstari. Ibane kwa klampu mbili. Weka alama za biskuti kwenye rafu, na usiondoe klampu mpaka umemaliza.

Sasa ilaze mashine juu ya ubavu, upande wa pili wa mstari, na uchimbe kichwa cha rafu. Tundu linatoka milimita 10 kutoka uso wa chini wa rafu. Halafu isimamishe mashine, kitako kikiegemea kichwa cha rafu, uchimbe uso wa ubavu. Tundu linatoka milimita 10 kutoka kwenye mstari. Ukifungua klampu na kuisimamisha rafu kama unavyofungua jalada la daftari, ukingo wake wa chini unabaki pale pale mstarini na matundu yanatazamana. Mstari mmoja, hakuna kupima mara mbili, na unene wa rafu hauna neno hata kidogo. Fanya ubavu wa kushoto na wa kulia kwa mistari iliyopigwa pamoja, mbavu zikiwa zimelazwa ubavu kwa ubavu, ili rafu isikae mteremko.

Urefu wa rafu nao una mtego. Upana wa kabati ni 800. Ukitoa 18 mara mbili unapata 764, na mafundi wengi hukata hivyo. Lakini mbavu zangu zilikuwa 17.2 na 17.6, kwa hiyo nafasi ya ndani ilikuwa milimita 765.2. Rafu za 764 zingezivuta mbavu ndani tumboni huku kifuniko kikizitaka zikae nje, na viungo vya rafu vingebaki wazi au mbavu zingepinda. Nilikata 765.

Tukija kwenye gundi, hali ya hewa ya Dodoma lazima iingie kwenye hesabu. Kuanzia Mei mpaka mvua zianze, kwa kawaida Desemba, hewa ni kavu na upepo hauishi. Gundi nyeupe ambayo chupa yake inakuahidi dakika 10 au 15 za kufanya kazi, Septemba kwenye banda langu lililo wazi, inaanza kuota ngozi baada ya dakika 5. Ikiota ngozi haishiki. Ndiyo maana kabati nzima naiunganisha kavu kwanza, biskuti zote ndani, klampu zote zimekwisha kufunguliwa kwa kipimo chake, kisha nabomoa na kuanza na gundi. Tunafanya wawili, na tunafanya asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Gundi inawekwa ndani ya tundu kwa mswaki mdogo, kwenye kuta mbili za tundu kuliko chini, maana chini biskuti haifiki. Mfinyo mwembamba unapitishwa pia kwenye kichwa cha ubao. Kichwa cha plaiwudi hunywa gundi kama udongo wa kiangazi, kwa hiyo napaka mara ya kwanza, nasubiri kidogo inywe, napaka tena.

Masika nayo yana shida yake, na huja kinyume. Mwaka wangu wa kwanza na mashine niliacha boksi la biskuti wazi kwenye rafu. Februari hazikuingia. Nikazigonga kwa nyundo, zikaingia nusu na kugoma, na kona ikabaki na ufa ambao klampu haikuweza kuufunga. Kalipa ilionyesha milimita 4.2, wakati biskuti kavu kwenye boksi jipya zilikuwa 3.9. Zilikwisha kunywa unyevu wa hewa na kufura kabla ya kuona gundi. Nilizianika juu ya bati mchana kutwa, zikarudi. Sasa zinakaa kwenye ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Biskuti nzuri inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo na bila kucheza. Na kama umenunua za bei rahisi na huziamini, tumbukiza moja kwenye kikombe cha maji. Ikikaa dakika 10 bila kunenepa, hiyo ni kipande cha mti tu.

Kubana, wengi wetu hatuna klampu ndefu za kutosha. Mimi ninazo 4, na mahali pengine natumia mpira wa tyubu ya gari uliokatwa ukanda, tunavyofanya siku zote. Mpira unabana vizuri ila hauchagui mwelekeo, kwa hiyo unaweza kuivuta kabati ikawa mshazari. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Kwa kabati la 2000 kwa 800 kila mmoja unatakiwa usome karibu milimita 2154. Wangu wa kwanza ulisoma 2156 na wa pili 2152. Nikaweka klampu moja kwenye mshazari mrefu, nikaukaza mpaka yote miwili ikasoma sawa, ndipo nikapigilia ubao wa mgongo wa milimita 6.

Ubao huo wa mgongo si pambo. Biskuti inashika mbao zisiachane na inazipanga sawasawa, lakini haizuii kabati kuyumba kushoto na kulia. Anayezuia kuyumba ni mgongo. Wala biskuti haizuii rafu kupinda katikati. Rafu ya milimita 765 ikijazwa faili itapinda tu, ndiyo maana mbele ya kila rafu niliunga fito ya mninga yenye kimo cha milimita 30. Hapo biskuti zilikaa kila baada ya milimita 200, na niliiacha fito izidi plaiwudi kwa nusu milimita upande wa juu, nikaishusha kwa randa. Mninga unarandika, vinia hairandiki, basi anayezidi awe mninga. Kwenye miguu ya kiti au fremu ya mlango situmii biskuti. Huko narudi kwa ulimi na tundu, kwa sababu mtu mzima anapoegemea kiti nyuma nguvu yake inataka mti wa kina, si milimita 12.

Kitu cha mwisho kabla ya msasa ni kusubiri. Maji ya gundi hufurisha biskuti na pia mti unaoizunguka. Ukipiga msasa saa chache baadaye unalainisha uvimbe, na mti ukikauka yanabaki mabonde madogo ya umbo la yai ambayo vanishi huyaanika yote. Hilo huonekana zaidi mbao nene za mti mtupu zinapoungwa ukingo kwa ukingo, biskuti zikiwa karibu na uso. Mimi husubiri siku 2, masika 3.

Kabati la pili lilipofika Ilazo, yule mama hakutazama rafu kwanza. Alikumbuka doa la kabati la kwanza. Akasimama pembeni, akapandisha mkono, akapitisha kidole kwenye kona ya kushoto, kisha ya kulia.

"Hapa umeunga?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Hapo hapo."

Akairudia ile ya kushoto, safari hii amefumba macho.